Kufasiri kwa Ajili ya Sikio

Katuni imeshachorwa, muziki umeshawekwa, na sauti ya Kiingereza imesharekodiwa. Kilichobaki ni Kiswahili, na muda wake umeshapangwa: sauti mpya lazima iingie kwenye picha zilezile na imalizike sekunde ileile. Ndivyo zinavyozaliwa video fupi nyingi za elimu ya afya, kilimo au fedha tunazoziona kliniki na kwenye simu. Mfasiri hupewa kurasa mbili za maandishi, na mara nyingi huanza kazi kama anafasiri barua. Anachukua sentensi ya kwanza, anatafuta neno la Kiswahili kwa kila neno la Kiingereza, anayapanga kwa utaratibu ule aliokuta, kisha anahamia sentensi ya pili.

Matokeo tunayajua kwa masikio. Sarufi haina kosa, maneno yote ni yetu, lakini ukisikiliza nusu dakika akili inatoka nje. Ukiombwa ueleze ulichosikia, unakumbuka mada tu. Maelekezo yamepotea, na maelekezo ndiyo yaliyogharamiwa.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Ni skripti ya dakika mbili niliyoitunga kwa ajili ya makala haya, kwa kufuata maelekezo ya kawaida ya kumhudumia nyumbani mtoto anayeharisha: kumpa maji ya ORS pamoja na vidonge vya zinki, kama Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyopendekeza kwa pamoja tangu mwaka 2004. Nimeichagua mada hii kwa sababu kosa la mfasiri hapa linaweza kuishia kwenye kikombe cha mtoto.

Sentensi ya kwanza ya Kiingereza ina maneno 25. Msimulizi wa Kiingereza kwa kawaida husoma maneno kama 150 kwa dakika, kwa hiyo sentensi hii inachukua sekunde kumi. Ukiifasiri kwa kufuata mpangilio wake, unapata hivi:

Wakati mtoto ana kuhara, maji na chumvi ambazo zimepotezwa na mwili wake zinahitaji kurudishwa haraka kwa kutumia mchanganyiko wa kuongeza maji mwilini ambao umetayarishwa kwa kutumia maji safi ya kunywa.

Hesabu maneno na utaona yamezidi kidogo tu, 30 kwa 25. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Katika kazi ya sauti neno si kipimo cha kutegemea, kwa kuwa neno moja la Kiswahili linabeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo kwa pamoja. Kipimo cha kutegemea ni silabi, na silabi za Kiswahili zinahesabika bila shida: hesabu irabu zote, kisha ongeza ile “m” au “n” inayosimama peke yake mbele ya konsonanti, kama kwenye “mtoto”, “mpe” na “nne”. Kwa hesabu hiyo, sentensi ya Kiingereza ina silabi 43. Tafsiri yetu ina 82.

Silabi 82 kwa sekunde kumi ni zaidi ya nane kila sekunde. Kuzitamka inawezekana, watangazaji wa mpira wanatuonyesha kila wiki, lakini mzazi mwenye mtoto mgonjwa hawezi kujifunza dawa kwa mwendo ule. Mimi huweka makadirio ya silabi tano kwa sekunde, vituo vya kupumua vikiwemo. Kwa sekunde kumi ninazo silabi hamsini na kidogo. Kwa hiyo karibu thelathini lazima ziondoke, na maana ibaki.

Mfasiri mwoga hapa huanza kukata maneno mojamoja. Anafuta “haraka”, anafuta “wake”, anabadilisha “umetayarishwa” kuwa “umeandaliwa”, na baada ya nusu saa amepunguza silabi sita. Uzito wa sentensi hii uko kwenye mifupa yake, hauko kwenye maneno. Kiingereza kimefunga mambo manne ndani ya sentensi moja kwa kutumia vitenzi vya kutendwa na vishazi vilivyobanwa nyuma ya nomino, na kwake ni njia fupi. Kiswahili kikiiga njia hiyo kinalipa mara mbili: kila nomino inadai “ambazo” au “ambao”, na kila tendo linadai mwenyewe atajwe mwishoni kwa “na”. Njia yetu fupi ni nyingine. Sisi tunafupisha kwa kitenzi.

Kwa hiyo unaifunga skripti, unajiuliza ni nini kinachoelezwa, halafu unakisema kama ambavyo muuguzi angemwambia mzazi aliyekaa mbele yake:

Mtoto akiharisha anapoteza maji, anapoteza na chumvi. Mrudishie upesi. Mpe ORS iliyokorogwa kwa maji safi na salama.

Silabi 51. Sharti lote limeingia ndani ya “akiharisha” kwa silabi moja, “ki”. Kile kishazi kirefu cha kurudisha maji na chumvi mwilini kimekuwa “mrudishie”, na ndani yake yumo anayerudisha, yumo anayerudishiwa, na amri yenyewe imo. “Anapoteza” limetajwa mara mbili, jambo ambalo mhariri wa Kiingereza angelifuta, lakini sikio la Kiswahili linapenda kitenzi kirudi, na marudio hayo yanampa msikilizaji nafasi ya kushika kwamba vinavyotoka ni vitu viwili. “Maji safi na salama” ni maneno tuliyoyazoea tangu utotoni kwenye mikutano ya kijiji na kwenye mabango ya idara za maji, kwa hiyo yanapita bila kumkwamisha mtu, na maana ya maji ya kunywa imo. Anayefanya kazi hiyohiyo Kenya huenda akaandika “akihara” au “akiendesha”, na hesabu yake itabadilika kidogo, ila mifupa itabaki ileile.

Mpangilio wa maneno, basi, unaweza kuuvunja utakavyo. Kuna mpangilio mwingine ambao huna ruhusa ya kuuvunja, nao ni wa picha.

Sehemu ya pili ya skripti inaonyesha kukoroga. Kwenye kioo tunaona mikono ikinawishwa, kisha chupa ya maji, kisha paketi ikifunguliwa, kisha unga ukimiminwa, kisha kijiko. Kiingereza hakijali sana tendo lipi litajwe kwanza. Kinaweza kusema ukoroge baada ya kumimina, au uhakikishe mikono ni safi kabla ya kuanza, na msikilizaji wake anapanga mwenyewe kichwani. Ukifasiri kwa kufuata mkondo huo unapata “kabla ya kuchanganya unga wa paketi na maji, hakikisha umeosha mikono yako kwa sabuni”. Picha inaonyesha sabuni, sauti bado iko kwenye unga. Mtazamaji anaamini jicho, na sauti inageuka kelele ya nyuma.

Kiswahili cha kusimulia na kuelekeza hupenda matendo yafuatane kama yanavyotokea. Tuna vifaa vilivyokusudiwa kazi hiyo: amri ya kwanza ikishatolewa, zinazofuata zinajishikiza kwake kwa “u” na kumalizikia kwa “e”, kila moja ikimsukuma mwenzake mbele. Wapishi wote wanaongea hivyo.

Nawa mikono kwa sabuni. Chukua maji safi na salama, lita moja, uyatie kwenye chombo kisafi. Fungua paketi, umimine unga wote, usibakize. Koroga mpaka uyeyuke.

Sasa kila tendo linatua juu ya picha yake. Angalia pia lilipowekwa “lita moja”. Nimeliweka baada ya maji kwa sababu katika katuni yangu chupa inaonekana kwanza, na alama ya lita moja inajitokeza ubavuni mwake muda mfupi baadaye. Kama mchoraji angeanza na alama ya kipimo, ningeandika “pima lita moja ya maji safi na salama”. Vyote viwili ni Kiswahili fasaha, na lugha yetu inatupa uhuru huo mahali pengi. Mfasiri anayefanya kazi bila kuiona video hana njia ya kujua achague kipi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mteja akileta maandishi matupu, bila picha na bila dakika na sekunde pembeni, kazi isianze.

Katika sentensi hizo hakuna “yako” hata moja. Kiingereza kinalazimika kutaja mikono ni ya nani na mtoto ni wa nani. Kwetu, aliyeambiwa “nawa mikono” hawezi kunawisha ya jirani. Ukiondoa “yako” na “wako” zisizo na kazi katika skripti ya dakika mbili unapata nafasi ya sentensi nzima uliyokuwa umeikosa.

“Usibakize” halimo kabisa kwenye Kiingereza. Nimeliongeza, na ni lazima nieleze kwa nini, kwa sababu hapa ndipo palipo na siri kubwa ya kazi hii.

Msimulizi wa Kiingereza anapotaka kukazia jambo, anainua sauti juu ya neno analolitaka, popote lilipo. Kwenye karatasi sentensi inasema tu “paketi moja nzima”, lakini katika rekodi unasikia lile neno la “nzima” likipigwa kwa nguvu, na ujumbe ni kwamba usitumie nusu. Tahadhari hiyo ina sababu. Mzazi mwenye kikombe tu anaweza kumimina paketi yote ndani ya kikombe, na chumvi ikazidi kiasi cha kumdhuru mtoto. Mwingine anaweza kugawa paketi kwa kukisia, akamwaga kidogo mno ndani ya lita nzima, na maji yakakosa nguvu. Kiswahili hakikazii kwa namna hiyo. Mkazo wetu wa neno una makazi yake, silabi ya pili kutoka mwisho, na msomaji akijaribu kuupiga kwa nguvu kila anapotaka, anasikika kama mtu mwenye hasira au mgeni wa lugha. Sisi tunakazia kwa muundo. Tunalitanguliza jambo mwanzoni mwa sentensi, au tunaliwekea “ndi-”, au tunalirudia, au tunaongeza kitenzi kingine kifupi nyuma yake kinachofunga mlango. “Usibakize” linafunga mlango.

Kwa hiyo mfasiri wa skripti hafasiri karatasi peke yake. Anasikiliza rekodi ya Kiingereza, na kila sauti inapopanda anapiga mstari chini ya neno. Mistari hiyo ni sehemu ya maana. Asipoifasiri, ameacha nusu ya alichotumwa.

Mfano mzito zaidi uko kwenye zinki. Mtoto wa miezi sita na kuendelea hupewa miligramu 20 kila siku, kwa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya hapo miligramu 10. Kinachowashinda wazazi si kuanza, ni kuendelea: siku ya tatu mtoto anacheza, na vidonge vinawekwa juu ya kabati. Sentensi ya Kiingereza inasema mpe zinki kila siku kwa siku hizo, hata baada ya kuharisha kukoma, na sauti inapanda kwenye “hata baada”. Ukiifuata, maneno muhimu kuliko yote yanaangukia mkiani, pumzi ya msomaji ikiwa inakwisha. Na namba zinakula nafasi: kwa Kiingereza “siku 10 hadi 14” ni silabi tano, kwetu ni kumi na moja. Ndiyo sababu katika skripti ya kusomwa namba huandikwa kwa maneno, ili urefu wake uonekane kabla ya kufika studio.

Geuza sentensi kichwa chini, uanze na pale mzazi anapokosea:

Kuharisha kukikoma, zinki usiikatishe. Mpe kila siku, mpaka zitimie siku kumi hadi kumi na nne.

“Zinki usiikatishe” limeweka dawa mbele na katazo nyuma yake, na ile “i” ndani ya kitenzi inarudi kuishika zinki tena. Msomaji hahitaji kupandisha sauti. Akisoma kawaida tu, uzito unakwenda unakotakiwa.

Sentensi ya ORS haikomeshi kuharisha inafuata njia hiyohiyo. Wazazi huacha kumpa mtoto maji hayo wakiona bado anaharisha, wakidhani dawa imeshindwa. “ORS haizuii kuhara bali inarudisha maji” ni sahihi na haina nguvu. “Kuharisha kutaendelea siku mbili tatu, usiogope. Kazi ya ORS ni kurudisha yale maji yanayotoka” inamkuta mzazi pale hofu yake ilipo. Ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza, na zile silabi tulizookoa kwenye “yako” na “ambayo” zinalipia hapa.

Si kila kinachosikika vizuri kinafaa. Skripti inasema maji yaliyokorogwa yamwagwe yakimaliza saa 24. Tafsiri ya kufuata mpangilio, “tupa mchanganyiko wowote ambao haujatumika baada ya saa ishirini na nne”, inamchosha msikilizaji kabla hajajua atupe lini. Mtu anayeipenda lugha ataandika upesi “kesho saa kama hizi yaliyobaki yamwage”. Ni tamu, na mdomoni mwa muuguzi aliye mbele yako ni sawa kabisa. Katika video ni kosa, kwa sababu “saa kama hizi” ni saa ya anayesikia, na yeye huenda anatazama usiku maji aliyoyakoroga asubuhi. Inayofaa ni hii: “Ukikoroga leo asubuhi, kesho asubuhi yaliyobaki yamwage, ukoroge mengine.” Saa 24 zimo, na zinapimika hata kwa asiye na saa.

Vipimo navyo vinataka tahadhari. Baada ya kila choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100. Kwenye sauti ni afadhali “robo kikombe mpaka nusu”, na mililita zikaandikwa kwenye kioo. Lakini robo hiyo ni ya kikombe kikubwa cha mililita 200, kwa hiyo kikombe hicho lazima kionekane kwenye picha. Kama mchoraji alichora kikombe kidogo cha kahawa, usikubali. Sema mililita kwa sauti hata kama mwendo utaharibika kidogo. Dozi, makatazo na dalili za hatari havifanyiwi mzaha kwa ajili ya mdundo.

Kwa bahati nzuri dalili za hatari zenyewe zinaomba mdundo. Kiingereza huanza na amri ya kumpeleka mtoto kituoni, kisha kinapanga majina ya dalili nyuma yake. Majina hayo kwetu yanakuwa “kutoweza kunywa, uwepo wa damu katika kinyesi, kuongezeka kwa udhaifu”, na hakuna mzazi anayeongea hivyo. Yageuze yawe vitenzi: “Akishindwa kunywa, akitoa choo chenye damu, akizidi kulegea, akipata homa, usingoje. Mpeleke kituo cha afya.” Zile “aki-” nne zinamshika msikilizaji kwa sababu kila moja inamwambia jambo bado halijaisha, na amri inapokuja inakuta masikio yamesimama.

Utajuaje kwamba imekaa sawa? Mpe mtu asiyeijua skripti aisome kwa sauti, bila kuipitia kwanza, na wewe ushike saa na penseli. Usimsaidie. Anapovuta pumzi katikati ya wazo, sentensi ni ndefu. Anaporudia neno, umepanga silabi zinazogongana. Sauti yake inaposhuka kama amemaliza na bado maneno matatu yapo mbele, jambo muhimu limekaa mahali pasipo pake. Kisha mwite mtu wa pili, asikilize tu bila kuona karatasi, akueleze afanye nini mtoto akitapika. Jibu sahihi ni kungoja dakika kumi, halafu kuendelea kumpa taratibu zaidi. Kama skripti imeandikwa “mtoto akitapika, ngoja dakika kumi, kisha mpe tena, kidogo kidogo”, atalijibu bila kufikiri. Tanzania imewahi kufundisha afya kwa sikio kwa kiwango kikubwa: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na baada ya kipindi walijadiliana walichosikia. Kumwuliza msikilizaji ameshika nini si mtindo mgeni kwetu.

Kikwazo cha mwisho kwa kawaida ni mteja asiyejua Kiswahili. Anataka kazi yako irudishwe kwenye Kiingereza na mtu mwingine, ili alinganishe. Utaratibu huu una faida, unanasa dozi iliyokosewa, lakini unaipendelea tafsiri ya neno kwa neno, maana ndiyo inayorudi ikifanana na ya kwanza. Sentensi yako ya “kesho asubuhi” itarudi na mstari mwekundu ukiuliza saa 24 zimekwenda wapi. Dawa yake ni safu ya tatu kwenye jedwali la kazi. Safu ya kwanza ni Kiingereza, ya pili Kiswahili, ya tatu ni maelezo mafupi ya kilichohama: hili limeachwa kwa sababu limo sekunde ya 40, hili limeongezwa kuchukua nafasi ya mkazo wa sauti, hili limetangulizwa kwa sababu ya picha. Mteja anayeona sababu huacha ubishi. Na msomaji akibadilisha neno studio, kama wanavyofanya wasomaji wazuri mdomo unapokataa, safu ya pili irekebishwe siku ileile, pamoja na maandishi yanayopita chini ya picha, ili mzazi asisikie “robo kikombe” na kusoma kitu kingine.